Aliyelichukua Boksi la Mama Somoe

Ilikuwa jioni ya Oktoba, msimu wa korosho umechanganya, na stendi kuu ya Mtwara pale Mkanaledi ilikuwa imefurika. Basi la Dar lilikuwa limeingia, utingo ameshafungua buti, na watu wamelizunguka wanasubiri vifurushi vyao. Mbele yangu bwana mmoja wa makamo alikuja kuchukua mzigo wa mkewe. Kondakta akamwuliza jina, akalitaja. Akamwuliza namba ya simu, akanyamaza.

"Simu imezima chaji," akasema.

"Si uitaje tu, baba."

"Ya mke wangu hiyo. Nimeisevu, sijaishika kichwani."

Watu nyuma wakaanza kuguna. Ndipo mpiga debe mmoja aliyekuwa kando, kijana wa watu mwenye nia njema kabisa, akainama, akaisoma namba juu ya boksi ilipoandikwa kwa kalamu nene nyeusi: "Si hii hapa, mzee?" Bwana yule akairudia kama alivyosomewa. Kondakta akampa mzigo.

Hakuna aliyeona ajabu.

Mimi nilipanda bajaji kurudi nyumbani, na tangu hapo jambo lile halikuniacha. Wiki zikapita. Nilikuwa nimewaahidi vijana wa mtaani kwetu hadithi fupi ya kuchunguza, iwe ya stendi wanayoijua wenyewe, na iwe na mwisho wa kuwashtua. Nilikuwa na stendi. Sasa nilikuwa na fumbo pia.

### Tundu lililo wazi

Fikiria utaratibu wenyewe. Ndugu yako aliyeko Dar anapeleka boksi ofisi ya basi. Juu yake anaandika jina lako, namba yako na "MTWARA". Karani anaiingiza kwenye orodha ya mizigo inayosafiri na basi. Likifika huku, karani wa huku anapiga namba iliyoko kwenye orodha kukujulisha. Unakuja, unataja jina, unataja namba, unaandikwa kwenye daftari la kupokelea, unaondoka na mzigo.

Kwa hiyo ufunguo wa boksi umeandikwa juu ya boksi lenyewe. Mwenye macho na ujasiri anaweza kulichukua.

Mwandishi wa hadithi za uchunguzi akiona tundu kama hili hufurahi, halafu hupata tabu. Tundu linalompitisha yeyote linamfanya kila mtu kuwa mtuhumiwa: mpiga debe, dereva wa bodaboda, mama lishe, abiria wa Newala aliyekosa basi. Msomaji wa miaka kumi na minne akiona kila mtu anaweza kuwa mwizi, haanzi kufikiri. Anasubiri aambiwe.

Nilihitaji kitu kidogo kimoja cha kulifunga tundu, ili watuhumiwa mia wapungue wabaki wachache. Nitawasimulia hadithi ilivyo na namna nilivyoifunga. Jina la aliyelichukua nitaliweka pale linapokaa kwenye hadithi yenyewe, ili nanyi mjaribu.

### Somoe na ming'oko ya mama yake

Somoe ana miaka kumi na minne. Amemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa Septemba na sasa anashinda stendi akimsaidia mama yake kuuza ming'oko. Nilitaka ming'oko kwa sababu ndiyo harufu ya stendi yetu asubuhi: sufuria imefunikwa kwa mfuko, vimizizi vyembamba vimechemshwa hadi ganda linateleza, unamenya kwa vidole unachovya kwenye chumvi na pilipili. Mtu wa Mtwara akisoma hapo ameshafika.

Mdogo wake, Issa, ana miaka kumi na moja na anauza maji ya chupa madirishani mwa mabasi. Yupo kijana anaitwa Chogo, mpiga debe wa mabasi ya Masasi, anayembebea Mama Somoe gunia lake kila alfajiri na kulipwa kwa sahani ya ming'oko. Na yupo Mzee Karani wa ofisi ya vifurushi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayefunga dirisha lake kila Magharibi kwenda kuswali hata basi liwe limeingia dakika hiyo.

Sura ya kwanza haina uhalifu wowote. Basi la Lindi linataka kuondoka. Abiria amempa Issa noti ya elfu kumi kwa chupa moja ya maji, na Issa hana chenji. Anamwambia abiria, "Shikamoo, naomba simu yako nimpigie mama," anabonyeza namba huku anatembea kando ya basi linaloanza kuserereka, Mama Somoe anatoka mbio na chenji mkononi, na abiria wote upande ule wanacheka. Somoe anamkemea kwa kumkimbiza mama yao juani. Issa anamjibu kwamba siku akiondoka yeye, atakoma kumkemea.

Kisha Mama anamwambia Somoe kwamba shangazi yake wa Dar ametuma boksi kwa basi la leo. Kuna nini ndani? "Nguonguo tu," Mama anasema, na anageukia sufuria.

Usiku unaingia. Mama anasubiri simu ya karani. Haiji.

Asubuhi wanakwenda dirishani, na boksi halipo. Limeshachukuliwa.

### Karatasi mbili

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mzee Karani, kujitetea, anafungua daftari la kupokelea. "Angalieni wenyewe. Mzigo umetoka kwa jina lenu na kwa namba yenu." Mama anaangalia. Ni kweli. Namba ni yake, tarakimu zote kumi, na inaishia na 47.

Kila mtu pale anatoa jibu lile lile: mwizi aliisoma juu ya boksi. Nilipoandika sentensi hiyo niliona tundu langu bado liko wazi. Nikainuka, nikaenda kuota upepo barazani.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi nyingine, ile orodha inayosafiri na basi. Somoe anaomba kuiona kwa sababu kuna kitu kinamsumbua: kwa nini simu ya karani haikuja jana? Mzee Karani anaapa kwamba alipiga, akapokea mtu asiyemjua akamwambia amekosea namba. Anatoa orodha. Pale kwenye mstari wa Mama Somoe, namba inaishia na 74.

Shangazi alizigeuza tarakimu mbili za mwisho alipokuwa anaandika juu ya boksi, na karani wa Dar akanakili kosa lile lile.

Tazama kosa hilo linavyofanya kazi. Kwanza linaeleza kwa nini Mama hakupigiwa simu, na hapo msomaji anaridhika, anadhani kazi yake imeisha. Lakini lina kazi ya pili. Boksi liliandikwa 74. Daftari linasema 47. Mtu aliyeisoma namba juu ya boksi angesema 74. Aliyelichukua alisema 47, yaani namba ya kweli.

Hakuisoma popote. Alikuwa nayo kichwani.

Watuhumiwa mia wakaondoka kwa mara moja. Mgeni hawezi kuwa ndiye. Ni mtu anayemjua Mama Somoe.

Kuna msomaji atakayeuliza, mbona aliyetoa mzigo hakuona kwamba namba hazilingani? Swali zuri, na nilimwandalia jibu mapema. Mzee Karani alikuwa ameenda msikitini. Aliyetoa vifurushi ni kondakta wa basi lenyewe, aliyechoka kwa safari ya kilomita zaidi ya mia tano, umeme umekatika, anaandika daftarini kwa tochi ya simu. Tarakimu ni zile zile, mpangilio tu ndio umepinduka. Sikio la mtu aliyechoka hupitisha.

Na kondakta huyo, saa kumi na mbili asubuhi, amekwisha geuka na basi lake kurudi Dar. Somoe anapofungua daftari, shahidi pekee yuko barabarani.

### Mtuhumiwa anayewafaa wote

Chogo anamjua Mama Somoe. Chogo anazo namba zake. Chogo alikuwa stendi jana usiku. Na Chogo leo amevaa raba mpya.

Niliogopa sehemu hii na bado naiogopa. Stendi zetu neno "mwizi" likitamkwa kwa sauti, mikono huja kabla ya maswali. Nimeona watu wakikusanyika hivyo, na sitaki kijana asome hadithi yangu akadhani ni mchezo. Lakini hadithi ya uchunguzi ya stendi isiyogusa hatari hiyo ingekuwa inaficha jambo. Kwa hiyo nikaiweka katikati kabisa: mama lishe mmoja anazitaja zile raba, kijana wa bodaboda anazima pikipiki, watu wanaanza kusogea, na Somoe ana muda mfupi sana wa kufikiri kabla kofi la kwanza halijapigwa.

Anachofanya ni kitu kidogo. Anamwambia Chogo mbele ya wote, "Kaka Chogo, taja namba ya mama."

Chogo anatoa simu mfukoni.

"Bila simu."

Chogo anajaribu. Anaanza vizuri, sifuri saba, halafu anakwama. Anacheka kwa woga. Amemsevu "Mama Ming'oko", anambonyeza tu kila alfajiri. Somoe anawageukia watu waliokusanyika: nani hapa anaijua namba ya mkewe? Ya bosi wake? Mmoja mmoja wanashika mifuko yao, wanatazamana. Duara linalegea. Raba, ikumbukwe, zimetokana na malipo ya mjomba wake aliyeuza korosho mnadani Tandahimba.

Yule bwana wa makamo niliyemwona Oktoba ndiye aliyenipa tukio hili. Wenye simu hatushiki namba. Simu imetubebea.

### Haki ya msomaji

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za uandishi huo. Ya mwisho inakataza mapacha wasitokee ghafla mwishoni, isipokuwa msomaji ametayarishwa. Si amri zote zinatufaa, lakini hiyo naishika. Kwetu pacha wa ghafla huja kwa sura nyingine: mganga anayeona kwenye maji, ndoto inayomwonyesha binti mahali boksi lilipo, au polisi anayefika ukurasa wa mwisho na jina la mtu ambaye hatujawahi kukutana naye. Kijana anayesoma kwa makini anaibiwa hapo, naye anajua.

Haki ni kwamba kila alichokiona Somoe, msomaji awe amekiona, na mapema kuliko Somoe kama inawezekana. Ugumu ni kukionyesha bila kukinyooshea kidole. Njia niliyoijaribu ni kukiweka ndani ya tukio lenye kazi nyingine, ili msomaji afurahie kazi hiyo na asihisi kwamba amepewa ushahidi. Ukiweka ushahidi peke yake kwenye aya yake, unang'aa, na kijana mwerevu anaudaka papo hapo.

Nilijiuliza sana kama nimeuficha mno. Nikasoma sura ya kwanza tena na tena nikiwa na shaka. Mwishowe nikaamua: upo, umeandikwa kwa maneno wazi, na hakuna neno la uongo lililotumika kuufunika. Ukitaka rudi juu uangalie. Mimi nasubiri.

### Simu ya kondakta

Mzee Karani ana namba ya kondakta. Wanampigia kwa simu ya Mama, yenye salio kidogo. Kondakta yuko njiani, kelele za basi nyuma yake.

"Boksi la jana? Nalikumbuka. Kijana wa hapo hapo stendi. Alisema katumwa na mama, na namba aliitaja bila kusita hata kidogo, kama anaghani. Ningemnyima kwa lipi?"

"Alikuwa wa kiume?" Somoe anauliza.

"Wa kiume, ndiyo."

Salio linakatika.

Vijana walioisoma waligombana hapa. Mmoja alidai nimedanganya kwa kukata salio. Nikamwonyesha kwamba Somoe alikuwa na nafasi ya swali moja, akauliza lisilofaa, na yeye msomaji hakulikosoa swali hilo wakati huo. Swali lilikuwa mtu huyo ana umri gani. Hakuliuliza kwa sababu kichwani mwake, kama kichwani mwa stendi nzima, mwizi wa boksi ni mtu mzima.

Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuanza kufikiri kwa utaratibu. Wenye simu wameondoka kwenye orodha, kwa maana hawashiki namba. Amebaki asiye na simu. Mtu ambaye namba ya Mama amelazimika kuibeba kichwani kwa kuwa hana pengine pa kuiweka. Mtu anayeazima simu za wengine na kuibonyeza mwenyewe.

Stendi nzima, anahesabu, watu wa namna hiyo ni wawili.

Mmoja ni yeye Somoe.

### Chini ya magunia

Issa yuko nyuma ya kibanda, anapanga chupa tupu. Somoe hamwulizi kitu. Anainua magunia matupu ya ming'oko yaliyokunjwa pembeni, la kwanza, la pili, na boksi lipo. Gundi haijaguswa. Juu yake, kwa mwandiko wa shangazi, namba inaishia na 74.

"Hukulifungua hata kulifungua," Somoe anasema. "Sasa uliliiba la nini?"

Issa anaendelea kupanga chupa. "Sikuliiba. Nilitaka lisifike."

Hapa msomaji anadhani ameshapata mwisho wake, na kwa kweli nami nilikomea hapa kwa muda. Jina limejulikana, ushahidi umekaa sawa, ningeweza kufunga. Lakini swali la "nani" lilikuwa limejibiwa na swali la "kwa nini" lilikuwa linanitazama. Mtoto wa miaka kumi na moja anayeficha boksi la nguo asizozitaka anajua kitu juu ya boksi hilo ambacho dada yake hakijui.

Somoe anakata gundi kwa jino. Juu kuna mkoba mpya wa shule. Chini yake sketi ya sare, rangi asiyoijua, si ya shule yoyote ya Mtwara. Viatu vyeusi. Ndani ya kiatu cha kulia, kwenye karatasi iliyokunjwa, kuna nauli ya basi ya kwenda Dar, ya mtu mmoja.

"Nilimsikia Mama akiongea na shangazi," Issa anasema. "Alisema usiambiwe mpaka boksi lifike."

Somoe amezunguka stendi tangu asubuhi, amemwokoa Chogo na kipigo, amesoma daftari na orodha, amepiga simu, ili kupata kitu kitakachomwondoa nyumbani. Na mwenye kukificha ni mtu pekee aliyefikiria kumzuia asiende.

Vijana waligawanyika. Wasichana wawili walisema wao wangeondoka na basi la kesho bila kugeuka nyuma, nafasi ya shule Dar haiji mara mbili. Kijana mmoja alisema Issa ana haki, kwa maana mtu haamuliwi maisha yake kwa boksi. Mwingine alishikilia kwamba wizi ni wizi na Issa achapwe. Walibishana mpaka taa za mtaani zikawaka, na nikaona kwamba nikimfanyia Somoe uamuzi huo nitakuwa nimewanyang'anya mabishano yao. Ila pia sikutaka akae tu na boksi mapajani akitazama mabasi. Msichana aliyeuliza maswali siku nzima hawezi kunyamaza dakika ya mwisho.

Kwa hiyo hadithi inaishia hivi. Somoe anamshika Issa mkono, analiweka boksi kichwani, na wanatembea pamoja mpaka kwenye sufuria. Mama yao anainua macho, anaona gundi iliyokatwa, anaona viatu, na kabla hajasema neno Somoe anatangulia:

"Mama, boksi limepatikana. Sasa mimi nina swali moja, na hili wewe ndiye utakayelijibu."